Nimesitisha usajili tangu Februari lakini kadi inaendelea kukatwa. Pesa inaenda wapi?

#1 Fundi Picha (Sinza)
Wakuu habari.

Nina ofisi ndogo ya kutengeneza picha na video za harusi. Tangu mwaka jana nalipia programu moja ya kuhariri video, ya kampuni ya nje, dola 22.99 kwa mwezi, ambayo ikishabadilishwa na benki inakuja kama 60,000 na kitu. Biashara ilipolala baada ya sikukuu nikaona niachane nayo. Tarehe 1 Februari nikaingia kwenye akaunti kwa kompyuta, nikasitisha, wakaniletea imeli ya kuthibitisha. Imeli ninayo hadi leo.

Tarehe 19 Februari saa 11 alfajiri simu ikalia. Meseji ya benki: dola 22.99. Nikawaandikia kampuni, wakajibu kwamba akaunti yangu imesitishwa na hakuna malipo yoyote yatakayofuata. Tarehe 19 Machi wakakata tena. Nikaandika tena, jibu likawa lile lile neno kwa neno. Nikaenda benki, kadi ya zamani ikafungwa, nikapewa mpya yenye namba mpya. Juzi tarehe 19 Aprili wamekata kwenye KADI MPYA. Sijawahi kuwapa namba hiyo kadi, haijatoka kwenye pochi.

Nimeshindwa kulala. Hii inawezekanaje?

#2 Mti Mkavu
Umepigwa mkuu. Hao wamedukua benki yako. Hamisha pesa zote leo.

#3 Mama Zulfa
Pole mdogo wangu. Mimi walikuwa wananikata 150 kila siku za miito ya simu, nyimbo ambazo hata sijui ni nani anaimba. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uwaambie wakuondoe kwenye huduma zote. Waliniondoa siku hiyo hiyo.

#4 Fundi Picha
Asante Mama Zulfa, ila hii ni kadi ya benki, siyo salio la simu.

#5 Nyuki wa Nakuru
Soma masharti boss. Kuna hizi programu unadhani umelipia mwezi kwa mwezi kumbe uliingia mkataba wa mwaka mzima, unalipa kidogo kidogo. Ukisitisha katikati wanaendelea kukata hadi mwaka uishe. Mimi yalinikuta, nikaambiwa nilipe ada ya kuvunja mkataba.

#6 Mwalimu wa Zamu
Nyuki, hoja yako ingekuwa na uzito kama wasingemjibu kwamba hakuna malipo yatakayofuata. Mkataba wa mwaka wangemwambia umebaki miezi mingapi.

Mimi nadhani ni mzunguko wa malipo tu. Ukisitisha katikati ya mwezi, mwezi ule unamalizika kwanza.

#7 Fundi Picha
Mwalimu, ni miezi mitatu sasa. Mzunguko gani huo?

#8 Karani wa Kadi
Niko kitengo cha kadi kwenye benki moja, sitaitaja. Naomba nianze na la kadi mpya kwa sababu ndilo linaloogopesha watu, na Mti Mkavu asimtie mwenzetu kiwewe.

Mitandao ya kadi ina huduma ya kusasisha kadi. Kadi yako ikibadilishwa, benki inapeleka taarifa kwenye mtandao wa kadi, na mfanyabiashara uliyemruhusu kukukata kila mwezi anapata namba mpya bila wewe kujua. Imewekwa ili umeme wa mtu au bima yake isikatike kwa sababu tu kadi imeisha muda. Kwa hiyo kubadili kadi hakusitishi usajili. Siyo benki zote zimo kwenye huduma hiyo, ndiyo maana mwingine atakuja hapa kusema yake ilisimama.

Sasa swali langu kwako Fundi. Zamani, kabla ya Februari, ulikuwa unakatwa tarehe ngapi?

#9 Shemeji wa Tabata
Mimi yangu ilisimama. Niliibiwa kadi, huduma ya filamu ikaanza kunililia kila siku nibadilishe kadi. Hivyo hiyo nadharia ya Karani sijui.

#10 Karani wa Kadi
Shemeji, soma sentensi yangu ya mwisho kabla ya swali.

#11 Shemeji wa Tabata
Nimeona. Nimeketi.

#12 Fundi Picha
Karani, swali zuri. Nimeingia kwenye taarifa ya benki sasa hivi. Zamani ilikuwa tarehe 4. Agosti tarehe 4, Septemba 4, Oktoba 4, Novemba 4... hadi Januari 4. Februari tarehe 4 hawakukata.

Lakini ngoja. Naona pia tarehe 19 Januari. Na 19 Desemba. Na 19 Novemba. Zote 22.99, jina la kampuni ni lile lile.

Wakuu nilikuwa nakatwa mara mbili kwa mwezi na sikujua.

#13 Mti Mkavu
Si nilisema.

#14 Karani wa Kadi
Hapana, hukusema hivyo.

Fundi, usajili mmoja hauna tarehe mbili. Unapojiunga, mfumo unashika siku ile na kuirudia kila mwezi. Tarehe 4 ni usajili mmoja, nao ulikufa pale ulipousitisha, ndiyo maana tarehe 4 Februari pakawa kimya. Tarehe 19 ni usajili wa pili. Huduma kwa wateja hawakudanganyi: wewe unawaandikia kwa imeli ya ofisi, wao wanafungua akaunti ya imeli hiyo, wanaikuta imesitishwa, wanakujibu. Hakuna aliyetazama kadi.

Meseji ya benki haikusaidii kwa sababu inakupa kiasi na jina la mfanyabiashara tu. Haisemi ni akaunti gani ya huko kwake.

#15 Fundi Picha
Sina akaunti ya pili. Nina imeli ya ofisi, na Gmail moja ya binafsi. Nimejaribu kuingia kwa Gmail sasa hivi, wameniambia hakuna akaunti yenye imeli hiyo.

#16 Bi Tabasamu
Fundi, Gmail yako ina nukta? Mimi ndicho kilichoniponza. Gmail haijali nukta, ukiandika jina.lako au jinalako barua zinaingia sanduku lile lile. Lakini tovuti nyingine zinahesabu kama watu wawili. Nilijiunga na programu ya lugha mara moja kwa nukta, mara moja bila nukta, na risiti zote zinaingia sehemu moja nikidhani ni nakala. Ukifungua risiti utazame sehemu ya "kwa", utaona tofauti.

#17 Fundi Picha
Asante Bi Tabasamu. Nimejaribu zote mbili, hakuna. Na risiti za tarehe 19 sina hata moja kwenye Gmail wala ya ofisi. Nimetafuta na kwenye taka.

#18 Mwalimu wa Zamu
Umetafuta vipi? Watu wengi wanaandika jina la kampuni wakati risiti inatoka kwa wakala wa malipo mwenye jina jingine kabisa. Tafuta kiasi. Kwenye Gmail andika hivi, inapekua hadi taka na barua zilizofutwa ambazo hazijamaliza siku 30:

```
in:anywhere "22.99"
```

#19 Fundi Picha
Nimeipata ya tarehe 4 zote, kweli zilitoka kwa jina ambalo nisingelitafuta. Tarehe 19 hakuna.

#20 Nyuki wa Nakuru
Basi ni mtu mwingine ametumia kadi yako. Mfanyakazi wako wa ofisini je?

#21 Kijana wa Kiembe Samaki
Subirini kwanza. Fundi, unatumia aifoni?

#22 Fundi Picha
Ndiyo, tangu Novemba. Kwa nini?

#23 Kijana wa Kiembe Samaki
Tangu Novemba. Na tarehe 19 ya kwanza ni Novemba. Haya.

Ukifungua tovuti ya huduma kwenye aifoni unakuta kitufe cha "Continue with Apple". Ukikigusa, simu inakuuliza kama unataka kuwapa imeli yako ya kweli au kuificha. Wengi wanachagua kuificha, na Apple inatengeneza anwani ya bandia, herufi na namba zisizo na maana, inayoishia na `@privaterelay.appleid.com`. Kampuni inaijua anwani hiyo tu. Barua zikitumwa huko, Apple inazipeleka kwenye imeli uliyofungulia simu. Siyo Gmail yako, siyo ya ofisi. Kama ulipofungua simu ulitengenezewa imeli ya iCloud, risiti zako zote zimelala huko.

Kwa hiyo ukiandika imeli yoyote unayoikumbuka utaambiwa akaunti haipo. Wanasema kweli. Imeli ya akaunti hiyo hujawahi kuiona.

Fanya hivi: ingia Settings, gusa jina lako pale juu, tafuta "Sign in with Apple". Utaona orodha. Tuambie.

#24 Mama Zulfa
Mungu wangu. Yaani simu inamtengenezea mtu imeli?

#25 Kijana wa Kiembe Samaki
Kwa nia njema bi mkubwa, ili wasikusumbue na matangazo. Ila ndiyo hivyo.

#26 Fundi Picha
Ipo.

Wakuu ipo. Jina la ile programu liko pale, na chini yake anwani inaanza na k7 halafu vurugu. Nimefungua imeli ya iCloud ambayo sikujua hata kama ninayo: barua 214 hazijasomwa. Ya kwanza kutoka kwao ni ya tarehe 12 Novemba, "karibu kwenye siku 7 za majaribio". Ya pili tarehe 19 Novemba, risiti, dola 22.99. Halafu kila tarehe 19 risiti moja.

Mikono inatetemeka.

#27 Shemeji wa Tabata
12 jumlisha 7 ni 19. Mahesabu yamekaa.

#28 Mti Mkavu
Mkuu hapo hapo kuna kitufe kinachoanza na "Stop Using", kibonyeze umalize kazi.

#29 Kijana wa Kiembe Samaki
FUNDI USIBONYEZE HICHO.

Kitufe hicho kinakata uhusiano wa kuingia kati ya simu yako na ile akaunti. Usajili haujui lolote, unaendelea kukata. Na sasa umejifungia nje: huwezi tena kuingia kwa urahisi kwenye akaunti unayotaka kuisitisha, na risiti hazikufikii. Vivyo hivyo kufuta programu kwenye simu, au kuzima ule upelekaji wa barua. Unaziba masikio tu, makato yanaendelea.

Ingia kwanza. Nenda ukurasa wa kuingia wa kampuni, usiandike imeli yoyote, gusa "Continue with Apple". Itakuingiza kwenye akaunti ya pili. Humo tafuta ukurasa wa malipo, sitisha, subiri barua ya kuthibitisha ifike iCloud. Ukishaiona hiyo ndipo ufanye mengine.

#30 Fundi Picha
Sikubonyeza, asante.

Nimeingia. Akaunti ni tupu kabisa. Hakuna hata mradi mmoja. Pembeni imeandikwa mpango wa kila mwezi, malipo yajayo 19 Mei, kadi inayoishia na namba nne za kadi yangu MPYA. Karani, ulichosema kimeandikwa pale. Nimesitisha. Barua ya kuthibitisha imeingia saa 3:40 usiku huu.

Miezi 6 mara 22.99 ni dola 137.94, kwa akaunti ambayo haijawahi kufunguliwa video moja.

#31 Bi Tabasamu
Pole sana Fundi. Waandikie wakurudishie. Waambie akaunti haijatumika kabisa, wao wanaona kumbukumbu za matumizi. Mimi walinirudishia miezi 3 kwa sababu hiyo.

#32 Nyuki wa Nakuru
Asiombe, aende benki apinge malipo yote sita. Hiyo ni haki ya mwenye kadi.

#33 Karani wa Kadi
Nyuki una haki nusu. Kwenye Visa pingamizi la usajili uliositishwa lipo, na kwa kawaida muda wake ni siku 120 tangu muamala. Leo ni tarehe 22 Aprili. Muamala wa Novemba umeshapita, wa Desemba umepita siku chache tu zilizopita, wa Januari bado.

Lakini msingi wa pingamizi hilo ni kwamba ulisitisha na bado ukakatwa. Fundi alisitisha usajili gani? Wa tarehe 4. Kampuni itajibu kwa karatasi mbili: hii akaunti aliisitisha 1 Februari na hatukuikata tena, na hii nyingine ilikuwa hai hadi 22 Aprili. Atashindwa. Na akijaza kwamba hamjui kabisa aliyefanya miamala hiyo, anatoa maelezo yasiyo ya kweli, maana akaunti ilifunguliwa kwa simu yake. Kampuni nyingine pia hufunga akaunti zote za mtu aliyepinga malipo, na video zake za wateja zikiwa bado kwenye ile ya kwanza atazipoteza.

Aanze na kampuni. Awape tarehe ya muamala, kiasi, namba nne za mwisho za kadi, na anwani zote mbili. Namba nzima ya kadi asiandike kwenye imeli, na zile tatu za nyuma asimpe mtu yeyote.

#34 Mwalimu wa Zamu
Mimi naona kampuni ina kosa. Kadi moja, jina moja la mwenye kadi, akaunti mbili, na mteja analalamika mara mbili kwamba anakatwa. Kutafuta kwa namba nne na tarehe ni kazi ya dakika mbili kwao.

#35 Karani wa Kadi
Wanaweza, ila lazima awepo mtu wa kuwaza hivyo. Na kadi moja kwenye akaunti mbili si ajabu, baba analipia yake na ya mwanawe. Hawawezi kuzifunga tu. Hata kukutajia anwani ya akaunti nyingine wanakataa, kwa sababu hawajui kama ni yako.

#36 Mwalimu wa Zamu
Kukataa kuitaja naelewa. Lakini wangemwambia "kadi hii iko kwenye akaunti nyingine, angalia". Angeokoa Machi na Aprili. Hapo sikubaliani nawe.

#37 Fundi Picha
Nami nimekwama kwenye jambo jingine. Sikumbuki kujiunga tarehe 12 Novemba. Siku hiyo nilikuwa Morogoro kwenye harusi, nimeshika kamera mchana kutwa. Simu alikuwa nayo mdogo wangu, anatuma picha kwa ndugu wa bwana harusi.

#38 Nyuki wa Nakuru
Nilisema ni mtu.

#39 Kijana wa Kiembe Samaki
Kuingia kwa Apple kunahitaji uso wako. Hivyo ni wewe.

#40 Shemeji wa Tabata
Uso ukikataa simu inakubali namba ya siri. Na ndugu wote wa harusi huwa wanajua namba ya siri ya mpiga picha.

#41 Kijana wa Kiembe Samaki
Hilo kweli. Lakini kadi je? Namba tatu za nyuma alizijuaje?

#42 Bi Tabasamu
Kivinjari kinaweza kuwa kimehifadhi kadi. Mimi simu yangu inajaza kila kitu.

#43 Fundi Picha
Kadi nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu wiki hiyo hiyo nilipoinunua, kulipia tangazo. Namba tatu za nyuma sikumbuki kama niliziweka. Nimempigia dogo, anasema alifungua ile programu ili akate video fupi, ikamuuliza mambo, akagusa "endelea, endelea". Kisha anasema hakuweka kadi yoyote. Mimi namwamini, ila risiti nazo zinasema lake.

#44 Mama Zulfa
Usigombane na mdogo wako kwa ajili ya hayo. Umeshaufunga mlango.

#45 Fundi Picha
Mrejesho, leo 30 Aprili. Nimewaandikia kama Karani alivyosema. Safari hii jibu limetoka kwa mtu mwingine, na halikuwa lile la kunakili. Amekiri ameziona akaunti mbili kwenye kadi moja. Wamerudisha Machi na Aprili, dola 45.98, kwa sababu tarehe hizo nilikuwa nimeshalalamika. Februari wamekataa, wanasema nililalamika baada ya kukatwa. Novemba hadi Januari hawataki hata kuzijadili.

#46 Mwalimu wa Zamu
Februari ulilalamika siku ile ile. Rudi kwao.

#47 Karani wa Kadi
Rudi kwa utulivu, na imeli yako ya 19 Februari uiambatanishe. Pesa iliyorudishwa isipoonekana haraka usiogope, inaweza kuchukua siku kadhaa za kazi, na shilingi hazitalingana kabisa na zilizokatwa kwa sababu dola inabadilishwa kwa bei ya siku inaporudi.

#48 Fundi Picha
Leo 19 Mei. Nimeamka saa 10 alfajiri kabla ya adhana, nikakaa na simu mkononi hadi jua linatoka. Hakuna meseji. Februari bado tunaandikiana.

#49 Mkulima wa Njombe
Nimesoma uzi wote nikaenda kuangalia taarifa yangu ya benki. Programu ya kuhifadhi mafaili, tarehe 8 na tarehe 23, kila mwezi tangu mwaka juzi. Situmii aifoni, ni Androidi. Nianzie wapi?

#50 Kijana wa Kiembe Samaki
Simu yako ina akaunti ngapi za Google? Fungua duka la programu, gusa ile picha yako pale juu kulia, na uhame kutoka akaunti moja hadi nyingine, maana orodha ya usajili ni ya kila akaunti peke yake. Na kwenye taarifa ya benki nitazamie: mistari yote miwili inaanza na jina la Google, au mmoja unaanza na jina la kampuni yenyewe?

#51 Mkulima wa Njombe
Mmoja Google. Mwingine jina la kampuni.

#52 Kijana wa Kiembe Samaki
Basi mmoja ulijiunga dukani na mwingine kwenye tovuti yao. Vitasitishwa sehemu mbili tofauti. Anza na wa dukani, kisha uniambie ile ya tovuti uliingia kwa imeli ipi.